Jina la Saba

Karatasi aliyonipa mwalimu wa kwaya kule Mushasha, mjini Gitega, ilikuwa safi, imepigwa chapa vizuri, na ubeti wa tatu ulikuwa na majina mawili tu. Baada ya hayo mawili mtu alikuwa ameandika "n.k."

Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini n.k. naijua. Kambini, kule Tanzania, waliiandika kwenye ubao wa mgawo: unga, maharage, mafuta, n.k. Nikamuuliza mwalimu, "Hawa watoto wengine wako wapi?"

"Watoto gani, Mama?"

"Wimbo huu una watoto kumi na wawili. Hapa wamo wawili."

Alichukua karatasi akaitazama, kisha akanitazama mimi, kwa heshima yake yote. Alikuwa kijana mpole, mwalimu wa shule, amechomeka kalamu sikioni. "Mi nilitoa kwa internet, Mama. Iko paji nne, kurasa nne nzima, na zote nne zinasema mamoja. Bon, kama zote zinakubaliana, si ndiyo wimbo?"

Wimbo huo aliutunga mume wangu. Alikuwa amekufa mwaka unakaribia kutimia, na sisi Warundi mwaka ukitimia tunafanya kuganduka, siku ya kufunga msiba: watu wanakuja, wanakula, wanakunywa, familia inasema ya kusema, halafu mjane anaruhusiwa kurudi katika maisha. Ndugu zake wa Gitega ndio waliosema kwaya ije mpaka kwetu Giteranyi, huku Muyinga, iimbe wimbo wake siku hiyo. Nilifurahi. Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja tu katika sherehe ile yote, na kilikuwa kwenye ubeti wa tatu.

Nieleze. Mwaka mmoja kambini mvua ilikaa juu yetu kama imetumwa. Watoto wakaanza kuharisha, na homa juu yake. Katika mtaa wetu walikufa kumi na wawili msimu mmoja. Waliozikwa mwanzo walipata misalaba ya miti, waliozikwa mwisho hawakupata, miti ilikuwa imekwisha kwa kuni. Mtoto wangu wa kwanza alikuwa wa saba. Tulipopanda malori ya kurudi Burundi tuliwaacha pale, na wale waliokwenda kutazama baadaye wanasema kuna mihogo. Kwa hiyo kaburi la wale watoto ni ule ubeti. Kiongozi anaita jina, kwaya inajibu "washitse", maana yake umefika, na ngoma inapigwa mara moja. Kumi na wawili, kwa mpangilio waliokwenda.

Majina hayo ninayo yote. Hata ya wazazi wao ninayo, na nani alikuwa akikaa mlango wa nani. Lakini hapa siyaandiki, kwa sababu nimeona watu wasiowajua wanavyoyafanya.

Utaniuliza, kama wimbo unaujua, karatasi ya nini? Mimi niliimba safu ya wanawake. Majibu nayajua usingizini. Lakini beti mbili za kwanza mistari ilikuwa yake, aliimba yeye peke yake, na daftari la kwaya yetu ya kambini mchwa walilila mwaka wa pili tuliporudi. Mwalimu alikuwa na beti nisizokuwa nazo, mimi nilikuwa na majina asiyokuwa nayo. Ila yeye alikuwa na paji nne na mimi nilikuwa bibi kizee mmoja.

Mjukuu wangu anasoma ualimu hapo hapo Mushasha, ndiye niliyefikia kwake. Nilimkuta anafua. Nikamwambia maneno ya mwalimu, kwamba paji nne zinakubaliana.

"Nyogokuru," akasema, ndivyo anavyoniita, bibi kwa Kirundi, "tutazame zinakubaliana kwenye nini."

Akafuta mikono, akafungua simu, akachukua na karatasi. Alinifanyia kazi ambayo sijaisahau. Kwanza alinakili ubeti kutoka kila ukurasa, mmoja chini ya mwingine. Zote nne zilikuwa na n.k. Zote nne ziliruka mstari uleule wa ubeti wa kwanza, ule wa mto, ambao hata mimi ninakumbuka jibu lake. Zote nne zilisema "wimbo wa asili, mtunzi hajulikani."

"Unaona?" akasema. "Watu wanne wakikosea mahali tofauti, labda kila mmoja alisikiliza mwenyewe. Wakikosea mahali pamoja, mmoja aliandika, watatu wakanakili."

Hilo nililielewa haraka kuliko alivyotegemea. Kambini walikuwa wanakuja watu wanne mbalimbali kukwambia fulani amekufa, unalia, halafu unakuta wote wamesikia kwa mwanamke mmoja bombani, na fulani yuko nyumbani anakula.

"Sasa huyo mmoja ni nani?"

Hakujulikana. Ukurasa wa zamani kuliko wote uliandikwa na mtu aliyejiita kwa herufi na namba. Kurasa hizo, mjukuu akasema, mtu yeyote anaweza kuingia akaandika, hakuna anayemuuliza alisikia wapi. Chini yake palikuwa na video, ndiyo eti wimbo wenyewe. Akaifungua. Ilikuwa kwaya ya mjini, wamevaa sare za kitenge cha bluu, wanaimba vizuri sana. Walipofika ubeti wa tatu wakaita majina ya manabii.

Nilicheka, Mungu anisamehe. "Hao walikufa kambini lini?"

"Usicheke, Nyogokuru. Hawa hawakuwajua watoto wenu. Wameweka watu wanaowajua wao." Kisha akakunja uso. "Lakini ona, hata maneno ya ukurasa si ya video hii. Huyu aliyeandika hakuandika kwa kusikiliza alichokionyesha."

Chini ya video maneno yalikuwa yanapita yenyewe. Yameandikwa na mashine, akasema, na mashine hiyo Kirundi haikijui, inaandika lolote linalofanana na lugha inayoijua. Tukaachana nayo. Halafu nikamwomba anionyeshe tafsiri, maana wageni wengine wa siku ile wangekuwa Waislamu wa Muyinga mjini, majirani zetu wa sokoni, na watoto wao wanasoma Kifaransa. Tafsiri zilikuwa mbili. Ya kwanza ilifanywa na mtu: alipofika kwenye majina aliandika kwa Kifaransa "na malaika wetu wote", basi, akaendelea. Ya pili ya mashine. Majina yetu Warundi mengi ni maneno kamili, mzazi anasema jambo kwa jirani au kwa Mungu kupitia jina la mtoto. Mashine haikujua kwamba hapo anaitwa mtu. Ikamfasiri. Mtoto wa jirani yangu, aliyekuwa na kovu hapa kwenye nyusi, akawa shukrani kwa hali ya hewa.

Niliomba azime simu.

Siku mbili nilikaa kwa mjukuu. Mwalimu wa kwaya alikuja kunisalimia, akaleta ndizi. Akasema, kwa upole uleule, "Mama, tuseme tu ukweli. We uko na uchungu. Na ni miaka mingi. Labda majina uliyasikia kwa misa ya wafu, si ndani ya wimbo? Mi siwezi kufundisha kwaya kitu ambacho hakiandikwe mahali."

"Kwa hiyo yaliyoandikwa na mtu usiyemjua ni kweli, na mimi niliyesimama pale ni uchungu?"

"Sisemi vile, Mama."

"Umesema."

Akatazama chini. Mjukuu ndiye aliyetuokoa. "Mwalimu, tukikupata sauti? Sauti yake mwenyewe babu?"

"Ah, mkinipata sauti," akasema, akanyoosha mikono, "mi nitapiga magoti."

Basi mjukuu akaniambia, "Niimbie mstari mmoja ambao kurasa zile hazina." Nikamwimbia jibu la mstari wa mto. Akaliandika kwenye simu, akalifunga kwa alama za kunukuu, ili simu imtafutie maneno hayo kwa mfuatano huo huo, si moja moja. Hakuna. Akaandika tena, amebadilisha tahajia, kwa sababu Kirundi kila mtu anakiandika kama alivyokisikia kwa mwalimu wake. Hakuna. Mara ya nne au ya tano mega za internet zikaisha, akaenda kununua nyingine, akarudi, akajaribu tena, na likatokea.

Haikuwa video. Ilikuwa picha ya kaseti tu, imelala juu ya mkeka, na sauti. Lakini chini yake aliyeiweka alikuwa ameandika maelezo: lile jibu la mto, jina la kambi, mtaa wetu, kwamba ni upande wa pili wa kaseti, nani aliongoza, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepiga ngoma. Jina la mume wangu lilikuwa hapo, limeandikwa sawasawa. Waliotazama walikuwa wachache sana, kurasa zile za uongo zilikuwa na maelfu.

"Huyu," mjukuu akasema, "anasema alikuwepo, anasema alifanya nini, na anaacha mtu amuulize. Umemjua?"

Nilimjua kabla hajamaliza kusoma. Mpiga ngoma wetu.

Tukasikiliza. Sauti ya mume wangu ilitoka kwenye kile kisimu, ya ujana, ina mikwaruzo ya kaseti, nikashika goti la mjukuu. Ubeti wa kwanza, na mstari wa mto upo. Ubeti wa pili. Wa tatu. Akaita wa kwanza, kwaya ikajibu washitse, ngoma. Wa pili. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, wa tano, wa sita, ngoma. Halafu hakuita. Ilikuwa kimya, kimya cha mtu mwenye kuvuta pumzi. Kwaya ikajibu washitse. Ngoma. Akaita wa nane.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Mara tatu. Mtoto wangu hakuwemo.

Sijui nieleze vipi. Kurasa za uongo zilikuwa zimenikasirisha, hasira ina nguvu yake, unaweza kutembea nayo. Lakini hii haikuwa ya uongo. Hii ndiyo tuliyoitafuta. Na nilikuwa nimebishana na mwalimu wa watu mbele ya ndizi zake kwamba jina limo.

Mjukuu akasema polepole, "Labda kaseti iliharibika hapo."

"Mbona ngoma inasikika?"

Akakiri inasikika. Ni mtoto mkweli.

Aliandika ujumbe chini ya ile picha, na mpiga ngoma akajibu siku hiyo hiyo. Alikuwa amerudi zamani, analima kwao Ryansoro, si mbali. Tukapanda pikipiki mbili tukaenda. Tulimkuta anaanika maharage juani, amepungua, meno ya mbele hana. Alisimama akaniangalia, kisha akaniita.

Aliniita mama wa yule mtoto.

Kwetu mwanamke akizaa haitwi tena jina lake, anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Mimi niliitwa hivyo miaka minne. Baada ya ile mvua watu wakaacha, kwa huruma, wakaanza kuniita mama wa yule aliyefuata. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake, iligeuka tu, wiki moja. Tangu hapo hakuna aliyeniita vile tena, mpaka huyu mzee katikati ya maharage yake.

"Bado uko hai, wewe mwanamke? Nilisikia Muyinga walishakuzika!"

"Walijaribu, nikawaomba wanipe muda. Na wewe meno umempa nani?"

"Nimeyagawa. Kwa vile nilikuwa mzuri mno." Akaangua kicheko, akatuletea viti, akampa mjukuu karanga. Alimlilia mume wangu kidogo, kiume, anatazama pembeni. Ndipo nikamuuliza. Nikamwambia sikiliza kaseti yako, wa saba yuko wapi?

Hakuhitaji kusikiliza. "Huyo hakuwa wa mumeo kumwita. Huyo ulikuwa unamwita wewe."

"Mimi?"

"Kila Jumapili. Akifika hapo anainua mkono, ananyamaza, wewe kwenye safu ya wanawake unaita. Sisi tunajibu. Umesahau?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Siku tuliyorekodi hukuwepo. Ulikuwa zahanati, umekwenda kujifungua huyu... mama yake huyu." Akamwonyesha mjukuu kwa kidole chenye vumbi la maharage. "Tulimwambia, ita mwenyewe leo, kaseti inakwenda mbali. Akasema sawa. Tukaanza, akafika, akashindwa. Tukarudia. Akashindwa. Mara ya tatu mwenye redio akasema betri zinakwisha, basi tukaacha vile. Nilipiga ngoma pale kwa sababu sikujua nifanye nini na mkono."

Nilikaa pale na karanga mkononi. Mimi ninayesema najua majina yote nilikuwa nimesahau sauti ilikuwa ya nani. Miaka yote nilimsikia yeye akiita. Ningeapa mbele ya padri. Na sasa nikaanza kutafuta kichwani, nikitafuta siku moja, kuanzia mvua ile mpaka mwaka jana alipolala asiamke, ambayo yule mwanaume alitamka jina la mtoto wetu. Shambani, kitandani, kwenye lori tulipoondoka. Aliniita "wewe", aliniita "mama watoto". Sikuipata hiyo siku. Nilidhani alikuwa anaita Jumapili, kwa hiyo sikumdai siku nyingine.

Mwalimu wa kwaya alisikiliza sauti yote, ameweka simu sikioni kwa sababu wanafunzi walikuwa wanapiga kelele uani. Alipomaliza alianza kupiga magoti kweli, nikamzuia, suruali ilikuwa ya kazi. "Samahani, Mama," akasema. "Ile paji yangu tunachana." Akaandika karatasi upya, mstari kwa mstari kutoka kwenye kaseti, anasimamisha na kurudisha, mjukuu anakagua. Tafsiri ya Kiswahili tuliifanya mimi na mjukuu. Majina tuliyaacha kama yalivyo, na pembeni akaandika kwamba ni watoto. Palipo na wa saba mwalimu aliniuliza aweke nini.

"Weka nafasi. Nitaita mimi."

Siku ya kuganduka watu walijaa uani kwetu Giteranyi. Urwarwa, pombe yetu ya ndizi, kwa wanaokunywa, soda kwa walokole na kwa majirani zetu Waislamu waliotoka mjini. Kwaya ilikuwa imefika asubuhi na vumbi hadi kwenye kope. Nilivaa kitenge kipya, cheusi nilikuwa nimekivua. Waliimba. Kijana wao mwenye sauti nene aliongoza, na mpiga ngoma wetu wa Ryansoro alikuja na akaomba ngoma. Wa kwanza, washitse. Wa pili. Watu walikuwa na karatasi mikononi, wengine wanafuata kwa kidole. Wa sita, washitse, ngoma. Yule kijana akainua mkono akanigeukia.

Nilifungua mdomo. Jina lilikuwepo, lilikuwa hapa mbele ya meno, na halikutoka. Siyo machozi, machozi hayakuwepo. Nilisimama vile, mdomo wazi, kama mtu aliyesahau alichotaka kuomba dukani. Nikamwona mpiga ngoma akinitazama. Kwaya ikajibu washitse. Akapiga. Wakaendelea na wa nane.

Basi nikajua jinsi ilivyokuwa kwa mume wangu, na sikuwa na wa kumwambia.

Asubuhi yake wageni walipokuwa wameondoka, nilikuwa nafagia maganda, mjukuu akakaa kizingitini na simu. Alikuwa anasahihisha zile kurasa. Mbili zilikubali kupokea masahihisho, ya tatu haikuwa na mahali pa kuandika, ya nne ilitaka vitu asivyokuwa navyo. "Nyingine zitabaki na n.k. yao, Nyogokuru. Siwezi kuzifikia." Alikuwa ameingiza beti zote, mtunzi, na ile picha ya kaseti kama ushahidi. Akafika kwenye wa saba.

"Kwenye kaseti hapa hakuna jina," akasema. "Nikiacha tupu ni sahihi. Nikiliweka, mtu akisikiliza hatalisikia, atasema nimebuni."

"Vyote viwili ni kweli."

"Najua. Basi naandika hivi: kwenye kaseti kiongozi ananyamaza, kwaya ilipoimba kanisani jina liliitwa." Akaandika. "Sasa nitajie."

Niliuegemeza ufagio ukutani. Nikamtajia, silabi moja moja kwa ajili ya tahajia, na lilitoka lote. Akaniuliza kama herufi iko hivi au vile, nikamjibu. Akaandika, akanionyesha, nikasoma mwenyewe, lilikuwa sawa.

"Hapa chini wanauliza chanzo," akasema. "Nani kasema."

"Andika mama yake."